Riba ya Kuchelewa: Kumwambia Mteja Bila Kumgombeza

Wafanyabiashara wengi wadogo wana kifungu cha riba kwenye mikataba yao ambacho hawajawahi kukitumia. Mwanasheria alikiweka, au kilikuja na mkataba ulionakiliwa kwa jirani, na kimekaa hapo hapo. Mteja akichelewa mwezi mmoja wananyamaza kwa kuogopa kumuudhi. Akichelewa miezi sita hasira inapanda, riba yote inamwagwa kwenye barua moja yenye maneno ya mahakamani, na mteja anayekutana na neno "riba" kwa mara ya kwanza anaona ametegwa. Kosa lenyewe lilianza siku ya kwanza ya kunyamaza. Maneno makali ya barua yalikuja tu kulionesha.

Tuchukue mfano wa karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, yenye mafundi wachache na karani mmoja anayeshika vitabu. Shule binafsi ya Kibaha imewapa kazi ya kutengeneza seti 250 za viti na meza za wanafunzi, kila seti sh. 73,000. Kazi nzima ni sh. 18,250,000. Shule imetanguliza asilimia 40, yaani sh. 7,300,000, zikabaki sh. 10,950,000. Mkataba unasema mambo mawili yanayotuhusu. Kifungu cha 6: salio litalipwa ndani ya siku 30 tangu ankara ipokelewe. Kifungu cha 7: kiasi kitakachochelewa kitatozwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, isiyolimbikizwa, kwa hesabu ya kila siku, kuanzia siku inayofuata siku ya mwisho ya malipo mpaka siku fedha zinapoingia, siku hiyo ikiwemo, na malipo ya sehemu yatalipa kwanza riba iliyofikia, kisha deni la msingi.

Samani zilifika shuleni tarehe 6 Januari 2025. Aliyesaini kupokea mzigo ni mtunza stoo, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Ila saini ya mtunza stoo inathibitisha kwamba viti vimefika, haithibitishi kwamba ankara imefika, na kwa mkataba huu siku 30 zinahesabiwa tangu ankara ipokelewe. Ankara iliyobanwa kwenye karatasi za mzigo inaweza kulala stoo wiki mbili kabla ya mhasibu kuiona. Karani wa Keko alifanya jambo la maana: tarehe 8 Januari alirudi na nakala mbili, moja akaiacha kwa mhasibu, nyingine akagongewa mhuri wa mapokezi wenye tarehe. Mhuri ule ndio unaobeba hesabu yote inayofuata. Bila huo, barua ya riba inaanza na ubishi wa lini siku zilianza kuhesabiwa.

Ukianza kuhesabu tarehe 9 Januari kama siku ya kwanza, siku ya 30 ni Ijumaa tarehe 7 Februari. Riba inaanza Jumamosi tarehe 8. Jumatatu asubuhi fedha hazijaonekana, na karani anapiga simu. Hapo hakuna haja ya barua bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Nzuri mama, poleni na majukumu. Nilikuwa naulizia ile ankara ya viti na meza, ilikuwa ilipwe Ijumaa."

"Ipo mezani kwa mkuu, inasubiri saini yake. Si unajua wazazi nao na ada zao."

"Naelewa mama. Basi nitakutumia ujumbe wenye zile tarehe za mkataba, ukipata nafasi umwoneshe mkuu. Maana kile kifungu cha riba kimeshaanza kuhesabu tangu Jumamosi, nisingependa akione baadaye ashangae."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanashindwa kuisema, na mahali pake pazuri ni hapo, siku ya tatu ya kuchelewa, riba ikiwa sh. 16,200 tu. Kwa kiasi kidogo hivyo hakuna anayeona anadhulumiwa. Mhasibu naye amepewa kitu cha kupeleka kwa mkuu wake: anaweza kuingia ofisini akasema kila siku ya kungoja saini ina gharama. Mara nyingi mhasibu yuko upande wako kuliko unavyodhani. Kinachomkwamisha ni kwamba ankara yako haina cha kuitofautisha na nyingine kumi zilizo mezani.

Ujumbe ulitumwa siku ile ile, pamoja na picha ya ukurasa wa mkataba wenye kifungu cha 6 na cha 7. Februari ikaisha. Tarehe 10 Machi ikawa wakati wa barua.

Kabla ya kuandika, hesabu ifanywe mara mbili, ikiwezekana na watu wawili. Deni la msingi sh. 10,950,000 mara asilimia 18 ni sh. 1,971,000 kwa mwaka. Gawa kwa 365, unapata sh. 5,400 kwa siku. Kuanzia tarehe 8 Februari hadi 10 Machi, siku zote mbili zikihesabiwa, ni siku 31: siku 21 za Februari na 10 za Machi. Riba ni sh. 167,400. Kosa la siku moja ni sh. 5,400 tu, lakini mteja akiligundua atakuwa na sababu ya kuitilia shaka barua nzima, na atairudisha "kwa marekebisho." Hapo wiki mbili nyingine zimekwenda.

Karani akaandika hivi:

Kumb. Na. 09/2025
10 Machi 2025

Mkuu wa Shule,

YAH: ANKARA NA. 014 YA TAREHE 8 JANUARI 2025: MALIPO NA RIBA YA KUCHELEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaishukuru shule kwa kutupa kazi ya seti 250 za viti na meza, ambazo mlizipokea tarehe 6 Januari 2025.

Ankara ya salio la sh. 10,950,000 ilipokelewa ofisini kwenu tarehe 8 Januari 2025. Kwa mujibu wa kifungu cha 6 cha mkataba wetu, siku ya mwisho ya malipo ilikuwa tarehe 7 Februari 2025. Hadi leo asubuhi malipo hayo hayajaonekana kwenye akaunti yetu.

Tunapenda kuwataarifu kuwa tangu tarehe 8 Februari 2025 kifungu cha 7 cha mkataba kinatumika. Riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwa deni hili ni sh. 5,400 kwa siku. Kwa siku 31 hadi leo ni sh. 167,400, na jumla inayodaiwa leo ni sh. 11,117,400.

Malipo yakiingia Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, jumla itakuwa sh. 11,176,800. Yakiingia mapema itapungua kwa sh. 5,400 kila siku. Malipo ya sehemu yataanza kulipa riba iliyofikia siku hiyo, kisha deni la msingi, kama kifungu cha 7 kinavyoelekeza.

Ikiwa malipo yamekwisha kutumwa, tafadhali tupatieni nakala ya hati ya benki ili tusahihishe kumbukumbu zetu. Ikiwa kuna sehemu ya ankara ambayo hamkubaliani nayo, tunaomba mtujulishe kwa maandishi kabla ya tarehe 17 Machi 2025, ili sehemu isiyo na mgogoro iendelee kulipwa.

Tumeambatanisha nakala ya ankara yenye mhuri wa mapokezi, ukurasa wa mkataba, na mchanganuo wa riba.

Tunathamini ushirikiano wenu.

Barua ni fupi, lakini kila aya ina kazi yake. Shukrani ya mwanzo ni ya kweli na inahusu kazi fulani, na papo hapo inakumbusha kwamba mzigo ulipokelewa. Tarehe zinafuatana bila kivumishi hata kimoja, hakuna "kwa masikitiko makubwa", hakuna "licha ya kuwavumilia muda mrefu." Riba imesemwa kuwa inatumika, kwa wakati uliopo. Karakana haijasema "tumeamua kuwatoza", kwa sababu haikuamua kitu mwezi Machi. Uamuzi ulifanywa na pande zote mbili siku ya kusaini. Anayeandika "tumeamua" anajifanya yeye ndiye chanzo cha adhabu, na mteja atakuja kumbembeleza aibadilishe.

Upande wa pili wa kosa ni unyenyekevu uliopita kiasi. "Tunaomba radhi kwa usumbufu, na tunaomba mtufikirie kuhusu riba kidogo iliyojitokeza." Hapo mteja anaelewa kuwa riba ni ombi, na ombi hukataliwa bila hatia. Adabu ya barua ya aina hii iko kwenye mambo mengine: kumpa mtu hesabu anayoweza kuikagua mwenyewe, kumwachia mlango endapo ameshalipa, kumuuliza kama ana lalamiko, na kumwonesha gharama inavyopungua akiwahi. Maneno ya mahakama na "hatua kali za kisheria" yangoje barua nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine.

Suala la lalamiko lina uzito wake. Tuseme viti 12 vinayumba na shule haijasema. Mkuu wa shule amezuia malipo yote kimya kimya, na barua yako ya riba inamfikia kama tusi juu ya hasara. Ukimuuliza mapema, atavitaja viti 12, na mtakubaliana kwamba thamani yake isubiri vitengenezwe huku zile seti nyingine zilipwe. Ukidai riba hata juu ya viti vibovu, umeharibu dai zuri kwa tamaa ndogo.

Mimi nimeona barua nyingine zikiweka msamaha kwenye barua ya kwanza: lipeni ndani ya wiki mbili, riba tutaifuta. Siipendi njia hiyo. Inamfundisha mteja kuwa kifungu cha riba ni pambo la kutishia, na mara ya pili atangoja msamaha uje wenyewe. Msamaha una thamani ukiombwa, ukitolewa kwa sharti, na ukiandikwa.

Kuhusu sheria, kwa Tanzania Bara mambo yanasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 74 kinazungumzia kiasi ambacho pande mbili zimekitaja mapema kuwa kitalipwa mkataba ukivunjwa. Mahakama inaweza kumpa mlalamikaji fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa, na kifungu hicho hicho kinatambua kuwa riba iliyopandishwa kuanzia siku ya kuchelewa inaweza kuonwa kuwa ni adhabu. Kwa lugha ya sokoni, ukiandika asilimia 10 kwa mwezi usitegemee kuipata yote. Asilimia 18 kwa mwaka ni kiwango unachoweza kukieleza kwa uso mkavu: fundi aliyekopa kununua mbao analipa riba benki kila mwezi huku fedha zake zikiwa Kibaha.

Na kama hakuna kifungu kwenye mkataba? Basi usikiumbe kwenye ankara. Mstari mdogo uliochapwa chini ya ankara baada ya mzigo kupokelewa ni neno la upande mmoja, na barua inayoutegemea itajibiwa kwa swali moja tu: tulikubaliana wapi? Anayefanya kazi na kampuni za Uingereza ana nafuu kidogo, kwa sababu huko kuna sheria ya mwaka 1998 inayoipa biashara haki ya kudai riba kwa biashara nyingine hata mkataba ukiwa kimya, kwa asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo. Kwetu mkataba ndio mama.

Maneno ya kifungu chenyewe nayo yanabadilisha fedha. Kama mkataba wa Keko ungesema "asilimia 1.5 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi", siku 31 zingehesabiwa kuwa miezi miwili, na riba ingekuwa sh. 328,500 badala ya 167,400. Kiwango ni kile kile ukikitazama juu juu, lakini riba imekaribia mara mbili. Kabla hujaandika barua, soma kifungu chako neno kwa neno, na ukikuta kina utata, chagua hesabu iliyo nyepesi kwa mteja. Dai dogo lisilopingika hulipwa haraka kuliko dai kubwa la kubishaniwa.

Pwani na visiwani kuna jambo jingine linalohitaji heshima. Wafanyabiashara wengi Waislamu hawatoi wala hawapokei riba, na wengine wamesaini mikataba yenye kifungu hicho bila kukitazama. Kama wewe ni mmoja wao, afadhali kifungu kiondolewe kabla ya saini, na nafasi yake ichukuliwe na malipo ya awali makubwa zaidi au haki ya kusimamisha mzigo unaofuata. Benki nyingi za Kiislamu huweka sharti la mdaiwa anayechelewa kutoa kiasi fulani ambacho benki haikichukui, bali hukipeleka kwenye sadaka. Na kama mteja wako ndiye mwenye msimamo huo, ni bora mlizungumze kwenye meza ya mkataba kuliko kuligundua kwenye jibu la barua.

Turudi Kibaha. Mkuu wa shule alipopata barua alipiga simu mwenyewe. Ada zilikuwa hazijakamilika, akaahidi sh. 5,000,000 tarehe 21 Machi na zilizobaki katikati ya Aprili. Karani alishukuru, akasema ataandika makubaliano hayo kwenye ujumbe, na akaongeza kwamba ratiba mpya haisimamishi riba. Kimya kwenye jambo hilo kingeleta ubishi baadaye, kwa sababu mkuu angeweza kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba karakana iliridhia kusubiri.

Milioni tano ziliingia tarehe 21 Machi kama ilivyoahidiwa. Riba ya siku 42 hadi siku hiyo ilikuwa sh. 226,800, ikatolewa kwanza. Zilizobaki, sh. 4,773,200, zikapunguza deni la msingi hadi sh. 6,176,800, na riba ya kila siku ikashuka kutoka sh. 5,400 hadi kama sh. 3,046. Karani alituma risiti yenye mgawanyo huo siku ile ile.

Tarehe 11 Aprili zikaingia sh. 5,950,000 kamili. Unaweza kuona mhasibu alivyofikiri: 10,950,000 toa 5,000,000. Kwake deni la msingi limekwisha na kilichobaki ni riba, kitu cha kuzungumzwa. Kwa vitabu vya Keko picha ni tofauti. Riba ya siku 21, sh. 63,968, imelipwa kwanza, na sh. 5,886,032 zikaenda kwenye deni la msingi. Kilichobaki, sh. 290,768, ni deni la msingi lenyewe, na bado linazaa riba ya kama sh. 143 kwa siku. Tofauti hii haipo kwa ajili ya hizo sh. 143. Ipo kwa sababu deni la viti na meza zilizopokelewa ni gumu kulikataa, wakati riba iliyobaki peke yake kila mtu huona ni ya kusamehewa. Hii ndiyo faida ya ule mstari wa malipo ya sehemu, na ndiyo sababu uliandikwa kwenye mkataba, ukarudiwa kwenye barua, kisha kwenye risiti. Usipokuwa kwenye mkataba, na mteja akaandika kwenye hati ya benki kwamba analipa deni la msingi, nawe ukazipokea, utakuwa na kazi ngumu ya kuuhamisha mgawanyo huo.

Mkuu aliomba zilizobaki zifutwe. Mwenye karakana, aliyekuwa anajua shule itahitaji meza za maabara mwezi Julai, alikubali nusu. Barua ya karani ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema sh. 5,950,000 zimepokelewa na salio ni sh. 290,768, kwa mchanganuo ulioambatanishwa. Ya pili ilisema: "Kwa kuthamini mawasiliano yenu, tutapokea sh. 145,384 kama malipo ya mwisho ya mkataba huu endapo zitaingia hadi tarehe 30 Aprili 2025. Baada ya tarehe hiyo salio lote litadaiwa pamoja na riba yake. Nafuu hii inahusu mkataba huu pekee, na haibadilishi masharti ya mikataba mingine kati yetu."

Fedha ziliingia tarehe 28.